Ankara ina idadi tofauti na mzigo tuliopokea: nikagulieni barua pepe hii kabla sijaituma

#1 kalamu_nyekundu

Wakuu, salaam. Nimeachiwa ankara ya msambazaji wetu wa vifaa vya ofisi, na idadi zilizoandikwa hazilingani na mzigo uliopo stoo. Bosi anataka barua iende leo. Rasimu hii hapa:

"Habari. Tumeshangazwa sana na ankara yenu namba 2217. Mmetutoza katoni 120 za karatasi wakati tumepokea 108. Bahasha mmeandika 400 wakati tuliagiza na kupokea 40. Katriji za tona mmeandika 30 wakati zimefika 24. Hii si mara ya kwanza kutufanyia hivi. Tunawataka muirekebishe ankara mara moja iwe 3,900 badala ya 5,100, la sivyo hatulipi chochote. Ushahidi umeambatishwa."

Bei za kwenye ankara kabla ya kodi: katoni ya karatasi 20, bahasha 1.5, katriji 70. Nitaambatisha oda yetu, delivari yao, hati yetu ya mapokezi na picha. Imekaa sawa? Na je, huu ni uzembe au tunaibiwa?

#2 Kiraka

Mnaibiwa. Umewahi kuona ankara iliyokosewa ikampunja aliyeiandika?

#3 mtunza_vitabu

Nimeziona nyingi tu @Kiraka, ila anayetozwa pungufu huwa hapigi kelele.

@kalamu_nyekundu usitume bado. Rudi kwenye mstari wa bahasha. Oda yenu inasema bahasha 40 za namna gani, na kwa bei gani?

#4 kalamu_nyekundu

Oda inasema boksi 40, kila boksi 15.

#5 mtunza_vitabu

Basi piga hesabu mwenyewe. Boksi 40 kwa 15 ni 600. Ankara ina 400 kwa 1.5, nayo ni 600. Hapo hamjatozwa hata senti ya ziada. Bila shaka boksi moja lina pakiti 10, ninyi mmeagiza kwa boksi na mfumo wao unauza kwa pakiti.

Rasimu yako imechukua idadi ya kwenye oda (40) ukaizidisha kwa bei ya kwenye ankara (1.5), ukapata 60. Ndiyo maana umefika 3,900. Umekata 540 ambayo ni halali yao. Ukiona idadi imepanda mara 10 kamili, au mara 12, au mara 24, kabla ya kumwita mtu mwizi angalia kama bei nayo haijashuka kwa kiasi kilekile.

#6 Kiraka

Bado ni kosa lakini. Aliyeagiza kwa boksi aandikiwe boksi. Mimi ningelidai hivyohivyo.

#7 mtunza_vitabu

Kudai marekebisho ya maandishi sawa, maana mfumo wenu wa malipo unaolinganisha oda na ankara utaikataa 400 kila siku. Ila liwe ombi pembeni, nje ya kiasi kinachobishaniwa. Jiweke kwenye kiti cha yule dada wa hesabu kule kwa msambazaji. Anafungua barua yenye madai matatu, la kwanza kulikagua analikuta si kweli. Hayo mawili ya kweli atayasoma kwa jicho gani?

#8 Bi Stoo

Mimi nauliza ya katoni. Nani alisaini delivari na aliandika nini juu yake?

#9 kalamu_nyekundu

Asante @mtunza_vitabu, bahasha naitoa. Nimefungua boksi moja, ni pakiti 10 kweli.

@Bi Stoo delivari ya karatasi inasema 120, imesainiwa na kijana wetu wa stoo bila maelezo yoyote. Gari lilifika jioni, utingo akawa anaharakisha. Kuhesabu kulifanyika asubuhi, zikapatikana 108. Kwenye katriji, delivari yao wenyewe imeandikwa 24, na chini kwa kalamu "6 zitafuata".

#10 Bi Stoo

Hapo una madai mawili ambayo hayana nguvu sawa, na barua yako imeyafunga kamba moja.

La katriji limeisha kabla halijaanza. Karatasi yao wenyewe inasema 24, wametoza 30, basi. Hawana pa kushika. La katoni sasa, karatasi yenye saini yenu inasema 120, na kinachosema 108 ni hati mliyoiandika ninyi wenyewe, kesho yake, mzigo ukiwa umelala kwenu. Mimi nimekaa stoo muda mrefu, na nikikuta delivari safi namna hiyo, swali langu la kwanza ni nani alikuwa na ufunguo usiku huo.

Picha zako zinaonyesha nini hasa? Usiseme "picha za mzigo". Nataka kujua kama naironi ilikuwa haijakatwa.

#11 kalamu_nyekundu

Zipo mbili. Moja imepigwa jioni wakati wa kushusha, paleti tatu ziko pamoja, naironi ipo. Nyingine ya asubuhi, karibu zaidi. Paleti mbili zina matabaka matano. Ya tatu ni fupi, ina matabaka matatu na nusu. Kila tabaka lina katoni 8.

#12 Bi Stoo

Sasa unaongea. Paleti nzima ni 8 mara 5, yaani 40. Mbili ni 80. Ya tatu ni 24 na 4 za juu, 28. Jumla 108. Kama ile ya jioni inaionyesha paleti ya tatu ikiwa fupi na naironi yake haijaguswa, basi huo ndio ushahidi wako, wala si hati ya mapokezi. Iweke picha ya jioni mbele na uandike kwenye barua msomaji aangalie nini. Mtu wa hesabu hajui paleti inahesabiwaje, atafungua picha, ataona maboksi, ataifunga.

#13 Mwanamaji

Picha zikiwa nzito barua pepe inagoma. Zipunguze ukubwa, au zitume kwenye simu kwanza ndipo uzipakue, zinakuwa nyepesi.

#14 Bi Stoo

Hapana @Mwanamaji, hiyo usimfundishe. Programu nyingi za ujumbe zikiipunguza picha zinafuta na ile data ya ndani inayoonyesha ilipigwa saa ngapi. Hapa ugomvi wote ni jioni au asubuhi. Achukue faili halisi kutoka kwenye simu iliyopiga.

#15 Mwanamaji

Haya mama, nimekaa.

#16 upande_wa_pili

Mimi kazi yangu ni kutoa ankara, kwa hiyo nipigwe mawe taratibu. Wizi unaousema @Kiraka upo, ila kwa picha hii nadhani mfumo wao unatoa ankara oda ikishathibitishwa, kabla ya kupakia. Oda ilikuwa 120 na 30, ankara ikatoka 120 na 30. Ghalani wakakuta katriji hazitoshi, mtu akasahihisha delivari, hakuna aliyerudi kusahihisha ankara. Kwa upande wa katoni za karatasi, inawezekana paleti ya tatu ilikuwa ya kuchangia na mteja mwingine, mpakiaji akaona paleti tatu akaandika 120.

#17 Dereva wa Usiku

Au zilishuka njiani. Nasema tu, nimeendesha mizigo.

Kuna njia ya kujua. Karatasi inapimika. A4 16 zinatengeneza mita moja ya mraba, kwa hiyo kama ni ya gramu 80, karatasi moja ni gramu 5. Rimu la karatasi 500 ni kilo 2.5, katoni ya rimu 5 ni kilo 12.5. Katoni 12 zilizokosekana ni kilo 150, hizo hazifichiki kwenye mizani. Tafuta hati ya msafirishaji uone uzito ulioandikwa.

#18 kalamu_nyekundu

Nimeipata. Imeandikwa kilo 1,705 kwa mzigo wote. Nimepima vilivyopo: boksi la bahasha kilo 2.5, katriji na boksi lake 1.5, paleti tupu kama 20.

#19 Dereva wa Usiku

Katoni 120 ni kilo 1,500. Bahasha 100. Paleti tatu 60. Katriji 24 ni 36. Jumla 1,696. Ukiweka katoni 108 unapata 1,546, uko mbali kabisa na 1,705. Pole mkuu, mzigo ulipakiwa wote. Tafuta waliozishusha.

#20 upande_wa_pili

Ngoja kidogo @Dereva wa Usiku. Weka katriji 30 badala ya 24. Zinakuwa kilo 45, jumla inafika 1,705 kamili. Lakini delivari yao inakiri kwamba zilipakiwa 24. Huo uzito haukutoka kwenye mizani, mfumo umeukokotoa kutoka kwenye oda. Sisi kwetu ndivyo ulivyo, namba ya uzito inajaa yenyewe.

#21 Dereva wa Usiku

Paleti ya mbao ikinyeshewa inaongeza zaidi ya hizo kilo 9 unazozishangilia. Na yeye amesema "kama 20".

#22 upande_wa_pili

Ndiyo, ila sadfa ya kuangukia namba ileile ya oda inanipa shaka. Aombe tiketi ya mizani kama ipo. Kama haipo, uzito huo usiletwe kwenye mjadala na upande wowote.

#23 Kiraka

Mimi nimekuja kusoma barua pepe nakuta maabara ya fizikia.

#24 wakili_mstaafu

Salaam. Juu ya barua andika "bila kuathiri haki" ili msije kubanwa na lolote mtakaloandika.

#25 mtunza_vitabu

Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani. Maneno hayo yana kazi kwenye mazungumzo ya kusuluhisha, na kwenye mahakama zinazofuata mfumo wa Kiingereza yanaweza kuifanya barua isipokelewe kama ushahidi. Huyu anataka kinyume chake. Anataka siku moja aonyeshe kwamba alilalamika tarehe fulani, kwa idadi fulani, na viambatisho hivi.

#26 wakili_mstaafu

Kwa barua ya kwanza ya malalamiko, sawa, umesema vizuri. Akija kuandika "tukubaliane 6 kwa 6 tuyamalize", hiyo ndiyo ya kuwekewa maneno yale.

Niongeze la muda. Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa ya kimataifa, kifungu cha 39, unamtaka mnunuzi atoe taarifa ya kasoro ndani ya muda wa kuridhisha tangu alipoigundua au alipopaswa kuigundua, na upungufu wa idadi nao ni kasoro. Huyu huenda ananunua ndani ya nchi yake, basi sheria yake ni nyingine. Ila asome nyuma ya delivari. Wasambazaji wengi huweka pale siku chache za kulalamikia upungufu.

#27 kalamu_nyekundu

Imeandikwa siku 3 za kazi tangu kupokea. Leo ndiyo ya tatu.

#28 Bi Stoo

Na bado unabishana hapa! Tuma, mwanangu.

#29 mtunza_vitabu

Chukua hii, jaza tarehe na namba zenu. Kichwa kibebe namba ya ankara, namba ya oda na neno la idadi, ili aliyeko huko aikute akitafuta hata baada ya miezi.

Kichwa: *Ankara 2217, oda 0845: tofauti ya idadi, kiasi sahihi 4,884*

"Habari za kazi,

Tumelinganisha ankara 2217 ya 5,610, kodi ikiwa ndani, na hati za mapokezi, tukakuta mistari miwili imetozwa zaidi ya mzigo uliofika.

Katriji za tona: ankara 30, zilizopokelewa 24. Delivari yenu (kiambatisho 1) inaonyesha 24, na kwamba 6 zitafuata. Ziada ni 6 kwa 70, yaani 420.

Karatasi A4: ankara katoni 120, zilizopokelewa 108. Delivari ilisainiwa kabla ya kuhesabu. Kiambatisho 2 ni picha iliyopigwa wakati wa kushusha, naironi ikiwa haijafunguliwa. Paleti ya tatu, kulia, ina matabaka matatu ya katoni 8 na katoni 4 juu yake. Kiambatisho 3 ni hati yetu ya mapokezi, cha 4 ni oda. Ziada ni 12 kwa 20, yaani 240.

Kabla ya kodi, 5,100 inapungua kwa 660 na kubaki 4,440. Kodi ya asilimia 10 ni 444. Kiasi sahihi ni 4,884. Tunaomba krediti noti ya 726, kodi ikiwa ndani, inayotaja ankara 2217. Katriji 6 zilizobaki tunaomba zitozwe zitakapofika.

Tunaomba pia nakala ya tiketi ya mizani au orodha ya upakiaji, kama ipo. Mstari wa bahasha hatuupingi. Tunaomba tu uandikwe kwa boksi kama oda.

Tafadhali tujibuni kabla ya tarehe ... ."

Ipeleke kwa watu wa hesabu, nakala kwa aliyewauzia. Ikienda kwa muuzaji peke yake atasema "nitalifuatilia bosi", na hesabu hawataisikia mpaka siku wanawafungia huduma.

#30 Kiraka

Umeondoa "tumeshangazwa" na "si mara ya kwanza". Sasa watajuaje kama tumekasirika?

#31 mtunza_vitabu

Watajua kwa namba. "Si mara ya kwanza" ukiiandika, atakuuliza zile za kwanza ni ankara gani, na mazungumzo yanatoka kwenye 2217. Kama zipo, zipewe barua yake.

#32 Fundi Hesabu

Nimechelewa. Kwa nini krediti noti? Waambie wafute ankara watoe mpya. Safi zaidi.

#33 upande_wa_pili

Safi kwako. Kwetu ankara ikishaingia kwenye ripoti ya kodi ya mwezi haifutiki, inapunguzwa kwa krediti noti. Kama mwezi haujafungwa, baadhi ya mifumo inaruhusu kufuta. Mwachieni msambazaji achague, mradi zisije zikabaki ankara mbili hai kwenye taarifa ya deni. Nimeshuhudia mteja analipa mpya, na ile ya zamani inaendelea kumdai.

#34 Fundi Hesabu

Hilo la krediti noti nakubali. Lakini asilipe chochote mpaka ifike. Ukishalipa 4,884 huna tena cha kuwashikia.

#35 mtunza_vitabu

Napinga. Kiasi kisichobishaniwa kilipwe siku yake, na kwenye maelezo ya malipo aandike namba ya ankara na "pungufu 726, rejea barua ya tarehe fulani". Ukizuia 5,610 kwa sababu ya 726, wewe ndiye unayekuwa mdaiwa mkaidi, wao wanasimamisha mzigo ujao.

#36 wakili_mstaafu

Inategemea mkataba. Ipo mikataba inayokataza kabisa kukata kiasi kwenye malipo bila krediti noti. Na asidhani kuandika "malipo kamili" kwenye hundi ya kiasi pungufu kunamaliza deni. Baraza la Mabwana la Uingereza, likiwa mahakama ya juu, lilishakataa mwaka 1884 kwamba malipo pungufu peke yake yanamaliza deni lote, kwenye shauri la Foakes na Beer.

#37 Fundi Hesabu

Basi mzee yuko upande wangu.

#38 wakili_mstaafu

Siko upande wowote, nimesema asome mkataba. Shauri lile deni lilikuwa halibishaniwi. Hapa linabishaniwa, ni habari nyingine.

#39 Mama Kopi

Samahani niulize, mimi naletewa rimu moja moja tu dukani na kila mara karatasi hazifiki 500. Hiyo barua naweza kuitumia?

#40 Bi Stoo

Rimu limefungwa? Lipime. @Dereva wa Usiku kasema kilo 2.5 kwa gramu 80. Likiwa jepesi, angalia kwanza lebo, huenda unauziwa ya gramu 70. Ugomvi wako utakuwa wa aina ya karatasi, idadi haina kosa.

#41 kalamu_nyekundu

Mrejesho wakuu. Niliituma kama @mtunza_vitabu alivyoandika, wamejibu. Katriji wamekubali bila maneno, krediti noti ya 462 imefika, kodi ikiwemo. Kuhusu katoni wanasema delivari imesainiwa 120 na "picha haionyeshi upande wa nyuma wa paleti". Tiketi ya mizani hawajaitaja kabisa. Nimelipa zile 4,884.

#42 upande_wa_pili

Kutotaja tiketi ni jibu pia. Hawana.

#43 Dereva wa Usiku

Au wanayo na wanasubiri mjichanganye.

Upande wa nyuma wana hoja lakini. Kuna wanaopanga paleti ikiwa na shimo katikati, mbele unaona matabaka kamili.

#44 Bi Stoo

Shimo linapunguza katoni, haliongezi. Kama nyuma kuna shimo basi zilikuwa chini ya 108. Waulize wanataka tuhesabu hivyo?

#45 Kiraka

Hahaha hiyo iandikeni hivyohivyo.

#46 mtunza_vitabu

Iandike kwa adabu: kwamba hesabu ya 28 imechukulia kila tabaka la chini kuwa limejaa, na tabaka la juu lina 4 zinazoonekana. Upande wa nyuma hauwezi kuzaa 12 zaidi, maana tabaka la juu lilikuwa na nafasi ya 4 tu na la tano halikuwepo. Wakisimamia saini, wapigie simu mkuu wa ghala wao muulize kama hesabu yao ya mwisho wa mwezi ilizidi katoni 12. Zikiwa zimebaki kwao, zimo kwenye ripoti yao.

#47 Fundi Hesabu

Na zisipokuwa kwao?

#48 Bi Stoo

Hapo ndipo nitarudia swali langu la ufunguo.

#49 kalamu_nyekundu

Ufunguo ulikuwa na kijana yuleyule aliyesaini. Ila picha ya jioni pia kapiga yeye, na paleti ni fupi. Namuamini. Mkuu wa ghala wao simu yake inaita tu, kesho naendelea.